Onyesha njia: kusahihisha chombo cha karatasi chakavu katika darasa la tano

Kwenye mtihani wa hisabati mwalimu huandika "onyesha njia", na mtoto huionyesha. Jibu likikosewa, alama za njia bado zipo, kwa sababu njia yenyewe imebaki pale kwenye karatasi. Somo la sanaa halina bahati hiyo. Chombo cha karatasi kikifika mezani kimeshapakwa rangi, na rangi hufunika yote: mchoro ulioachwa, upande uliobonyea ukanyooshwa, karatasi zilizobandikwa juu ya nyingine zikiwa bado mbichi.

Ndiyo maana alama za mchakato mara nyingi hutungwa. Nami nilizitunga kwa miaka kadhaa. Wiki ya mwisho ya muhula nilipanga kazi juu ya madawati, nikapita na kalamu nyekundu, kilichopendeza nikakipa nyingi na kilichopinda nikakipa chache. Nikifika kwenye safu ya mchakato, nilijaza kwa kumbukumbu. Mtoto mtulivu alipata nyingi, msumbufu alipata kidogo. Hizo zilikuwa alama za tabia. Kilichonitoa hapo ni kupanga somo upya ili kila hatua iache kitu kinachoshikika, hata baada ya wiki sita. Somo lenyewe ni chombo cha kuwekea chaki, kinachotengenezwa kwa magazeti na daftari kuukuu.

Kwanza, kwa nini karatasi? Makopo na chupa za plastiki ndizo zinazokuja akilini haraka, lakini kopo likikatwa huacha ukingo unaochana kidole, na chupa huwa na umbo lake tayari, kwa hiyo kazi ya mtoto hubaki kukata na kupaka rangi. Karatasi haina umbo mpaka mtoto aipe. Tena inapatikana shuleni penyewe, kwenye daftari za mwaka uliopita. Aina mbili nazikataa. Karatasi za majarida zinazong'aa hazinywi gundi, hukauka zikabanduka. Mifuko ya saruji ni imara kweli, ila vumbi lake linachoma ngozi na macho, na huwezi kuliondoa lote kwa kukung'uta.

Kwenye azimio la kazi nalipa somo hili wiki sita, kila wiki vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80. Sababu ya kulirefusha hivyo ni kukausha. Karatasi iliyolowa gundi inahitaji siku moja au mbili za upepo, na masika huweza kuhitaji wiki nzima, kwa hiyo kwa shule za pwani usiliweke Aprili.

Wiki ya kwanza watoto hawabandiki chochote. Naweka chaki mezani na kuwapa masharti: chombo kibebe chaki 20, mkono wa mwalimu uingie na kutoka bila kukwama, kikisukumwa kidogo kisipinduke, na kikigeuzwa chini juu kibebe chupa ya maji ya lita moja bila kubonyea. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo shule haihitaji mzani. Masharti haya ndiyo yatakayotumika wiki ya sita kusahihisha kazi iliyokamilika, na yanabaki yameandikwa ukutani muda wote. Mtoto anapima chaki kwa rula, anapima kiganja changu, kisha anachora maumbo mawili tofauti na kuandika sentensi moja kwa nini amechagua hili akaacha lile. Nasisitiza mawili. Mchoro mmoja hauonyeshi uamuzi wowote.

Siku hiyohiyo kila mtoto anatengeneza vipande vitatu vya majaribio, upana sentimita 4 na urefu sentimita 15. Kimoja kina matabaka mawili ya karatasi, kingine manne, kingine sita. Vikishakauka, wiki inayofuata kila kipande kinalazwa kama daraja kati ya vitabu viwili na kuwekewa sarafu katikati mpaka kipinde. Watoto hutarajia cha manne kibebe mara mbili ya cha mawili. Hushangaa. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu wa kupinda huongezeka karibu mara nane, ili mradi matabaka yameshikana barabara. Yakiwa na hewa katikati, kila tabaka huteleza juu ya jingine na faida yote inapotea. Siwafundishi kanuni yake darasa la tano. Inatosha waone daraja lenye mapovu likilala chini huku la jirani, lenye idadi ileile ya karatasi, limesimama. Kutokana na vipande hivyo kila mtoto anaandika kwenye daftari ni matabaka mangapi atatumia kwenye chombo chake. Wengi huchagua sita, wachache matano. Namba hiyo itatumika baadaye, kwenye kusahihisha.

Gundi tunaipika asubuhi. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kinakorogwa kwanza na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha kinamiminwa kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, huku ukikoroga, mpaka uji uache weupe wake na kuanza kung'aa. Ukimimina unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge ambayo hayatayeyuka tena. Kijiko cha chumvi husaidia kuchelewesha kuvu. Kiasi hicho kinatosha benchi la watoto sita kwa kipindi kimoja, kwa hiyo darasa la watoto 42, mabenchi saba, hutumia karibu kilo moja ya unga kwa kila siku ya kubandika. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini tunachezea chakula, na swali lake lilikuwa la haki. Tangu hapo natafuta unga ulioingiwa na wadudu, ambao dukani hauuziki, na unashika vilevile. Unga wa muhogo nao unafaa. Watoto hawa hawahitaji kushawishiwa kwamba uji unashika, maana ni walewale wanaobandika tiara kwa ugali.

Sasa kalibu. Kila mtoto anakuja na bakuli la plastiki, na swali la kwanza ni kama karatasi zibandikwe ndani yake au nje. Karatasi yenye gundi hunywea inapokauka. Ikiwa nje, hulikumbatia bakuli na kung'ang'ania. Ikiwa ndani, hujitenga yenyewe na kutoka kwa urahisi, ingawa huacha makunyanzi kidogo. Wanaoanza nawaelekeza ndani. Tabaka la kwanza linawekwa kwa maji matupu bila gundi, ili lisishikane na plastiki. Gazeti linachanwa kwa mkono, halikatwi kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa una nyuzi zinazolala na kupotea ndani ya tabaka linalofuata, wakati ukingo uliokatwa hubaki ukionekana kama ngazi hata chini ya rangi. Mtoto atagundua mwenyewe kwamba gazeti huchanika kwa mstari ulionyooka upande mmoja na kwenda mshazari upande mwingine. Ndivyo nyuzi zilivyolala kiwandani.

Hapa ndipo ilipo mbinu ninayoitegemea kuliko zote. Tabaka la gazeti linafuatwa na tabaka la karatasi nyeupe ya daftari, kisha gazeti, kisha daftari. Faida ya kwanza ni ya mtoto: anajua wapi amefunika na wapi ameruka, kwa sababu gazeti linachungulia palipoachwa. Faida ya pili ni ya mwalimu. Wiki ya nne, chombo kikishatoka kwenye kalibu, mtoto anasawazisha ukingo wake kwa mkasi, na pale kwenye mkato matabaka yanaonekana kijivu, nyeupe, kijivu, nyeupe, kama keki. Unayahesabu. Mtoto aliyeandika sita na ukingo wake unaonyesha sita ameonyesha njia. Aliyeandika sita na ukingo unaonyesha matatu naye ameonyesha njia, na huna haja ya kubishana naye. Nasahihisha ukingo siku hiyohiyo kabla haujafunikwa kwa karatasi ya kumalizia.

Matabaka yote hayabandikwi siku moja. Wiki ya pili matatu, wiki ya tatu yaliyobaki. Ukibandika sita kwa mkupuo, la nje hukauka na kuyafungia maji ndani, na baada ya siku nne utakuta harufu ya uchachu na madoa ya kuvu. Kujua kama kimekauka, kiguse kwa shavu: palipo na unyevu ni baridi, kwa sababu maji bado yanatoka. Kisha kigonge kwa ukucha. Kikavu hulia ko-ko, kibichi hakiitiki. Vyombo tunavianika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hukausha upande mmoja kabla ya mwingine na ukingo ukapinda. Usiku vinaning'inizwa kwa kamba. Mende na panya wanaupenda uji huu kuliko sisi.

Wiki ya tano ni pambo, na hapa naazima muundo wa kanga. Kila mtoto anaujua hata kama hajawahi kutajiwa sehemu zake: pindo linalozunguka, mji ulioko katikati. Pindo la chombo linakaa chini ya ukingo, mji unakaa ubavuni. Ugumu ni kwamba pindo la chombo ni duara, na linapokutana na lilipoanzia hugoma kuungana. Chombo chenye upana wa sentimita 14 kina mzingo wa karibu sentimita 44. Ua la sentimita 5 litaingia mara nane na kubakiza sentimita 4, ambapo mtoto hubana nusu ua na kuharibu kazi yote. Badala ya kuwapa hesabu, nawapa utepe wa karatasi. Wanauzungusha kwenye ukingo, wanaukata palipokutana, wanaukunja nusu, nusu tena, nusu tena. Ukikunjuliwa una sehemu nane sawa, na alama zake zinahamishiwa kwenye chombo kwa penseli. Utepe huo mtoto anaubandika kwenye daftari lake, nao ni ushahidi mwingine. Rangi ni mkaa uliotwangwa, udongo mwekundu na manjano ya jikoni, vikichanganywa na uji uleule. Manjano hupauka juani, mtoto aonywe mapema.

Tuje kwenye alama. Natoa 20 kwa jumla, 12 za mchakato na 8 za kazi iliyokamilika. Walimu wenzangu wengine hupendelea nusu kwa nusu. Mimi naona mikono ya mtoto wa miaka kumi na moja bado haitii macho yake, na ukiipa mikono nusu ya alama unampa zawadi yule ambaye mama yake hushona au baba yake ni seremala.

Zile 12 zina sehemu nne, kila moja alama 3: mchoro, majaribio, matabaka na marekebisho. Tatu za kwanza zina vitu vya kushika, yaani michoro miwili, vipande vilivyotungwa kwenye uzi, na ukingo uliokatwa. Ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo yenye thamani zaidi. Nimeiandika hivi. Sifuri: hakuna kilichobadilika tangu mchoro, ingawa kasoro ipo. Moja: amebadilisha kwa sababu mwalimu alimwambia. Mbili: ameona kasoro mwenyewe akabadilisha. Tatu: ameona, akabadilisha, kisha akajaribu tena kuona kama imesaidia. Anayefanikiwa mara ya kwanza hatafutiwi kasoro ya kubuni, ila namtaka anionyeshe sehemu moja aliyoijaribu na kuiacha kama ilivyo, na kwa nini. Hiyo nayo ni tatu.

Alama hii haisubiri wiki ya sita. Katika dakika 80 huwezi kuwatazama watoto 42, na ukijaribu utamaliza hujamwona hata mmoja. Kwa hiyo wiki ya tatu, ya nne na ya tano nachukua watoto 14 kila wiki, nakaa kwenye benchi lao, na kuwauliza wote swali moja: umebadilisha nini, na umejuaje kwamba kinahitaji kubadilishwa? Naandika alama papo hapo na maneno matatu au manne ya jibu. Atakayebadilisha kitu baada ya zamu yake kupita ananyoosha mkono na kunionyesha, nami naipandisha. Nusura nilifanye swali hili liwe la kuandika. Bahati nzuri nilikumbuka mvulana mmoja ambaye daftari lake lilikuwa tupu karibu mwaka mzima, lakini ukimuuliza alikupeleka kwa kidole kutoka ufa hadi kiraka na kukueleza kila kitu. Mchakato ukisahihishwa kwa maandishi pekee, umesahihisha Kiswahili.

Zile 8 za kazi iliyokamilika zina sehemu nne za alama mbilimbili: haja, uimara, ukingo na pambo. Haja ni chaki 20 na mkono wangu. Uimara ni chupa ya lita moja, na kusukumwa. Ukingo unafuatwa kwa kidole kuzunguka: je, umenyooka, kuna ncha zilizochomoza? Pambo linapata mbili ikiwa pindo limeungana na mji unasomeka ukiwa umesimama mlangoni. Uzuri haukutajwa popote, na nimeuacha makusudi. Mwalimu anayependa rangi nyekundu atampa mwenye nyekundu. Kenya, ambako mtaala wa umilisi unatumia ngazi nne kutoka kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, mwalimu anaweza kuchukua maelezo yaleyale ya sifuri hadi tatu na kuyaita kwa majina ya ngazi zake, kisha akaripoti mchakato na kazi kando kando bila kuvijumlisha. Nadhani hilo ni bora kuliko jumla yangu, ila kitabu changu cha alama kinataka namba moja.

Vyombo viwili vilinionyesha mpango huu unafanya nini. Cha kwanza kilikuwa cha mvulana aliyekaa dirishani. Kililetwa wiki ya tano kutoka nyumbani, laini kama kimesuguliwa kwa msasa, na pindo lake halikuwa na kosa. Kwenye kazi alipata 8 kati ya 8, na sikuona sababu ya kumpunguzia, maana chombo kilibeba chupa na chaki ziliingia. Lakini daftari lake lilikuwa na mchoro mmoja, uliofanana na chombo hata kwenye idadi ya maua, yaani umechorwa baada yake. Mchoro 1. Kipande cha majaribio kimoja, 1. Ukingo ulikuwa umefunikwa tayari, matabaka hayahesabiki, 0. Nilipomuuliza amebadilisha nini alitazama chini. Marekebisho 0. Jumla 10 kati ya 20. Sikuuliza nani alikitengeneza. Jedwali lilikuwa limeshaniambia ninachohitaji, na kumwita mtoto mwongo mbele ya wenzake kusingemfundisha kubandika karatasi.

Cha pili kilikuwa cha msichana wa benchi la mbele. Alikitoa kwenye kalibu kikiwa bado na unyevu chini, na kitako kikavimba kuelekea nje, chombo kikawa kinayumba kama pia. Wiki ya nne alikata duara la boksi, akalitoboa katikati ili uvimbe uingie kwenye tundu, akalibandika kwa matabaka mawili, akakianika, akakisukuma tena. Kilisimama, kimeinama kidogo. Michoro miwili na sababu yake, 3. Vipande vitatu, lakini kimoja hakukipima, 2. Ukingo ulionyesha sita kama alivyoandika, 3. Marekebisho 3. Hizo ni 11 za mchakato. Kwenye kazi alipata haja 2, uimara 1 kwa sababu chupa iliteleza mara ya kwanza, ukingo 0, pambo 1. Jumla 15.

Kwa kalamu yangu ya zamani mvulana angepata mara mbili yake. Wazazi wa mvulana walikuja kuuliza, na niliwatolea daftari, uzi wenye kipande kimoja cha majaribio, na uzi wa mwingine wenye vitatu, bila jina. Baba alivipinda vile vipande kimoja kimoja kwa vidole, akakipinda kile cha matabaka manne mara mbili, akauliza kama mtoto anaruhusiwa kutengeneza kingine.

Alikitengeneza muhula uliofuata, kibaya, chenye matabaka matano. Cha msichana kiko mezani kwangu, upande ulioinama nimeuelekeza ukutani, na chaki hazijawahi kumwagika.